“SARUJ 1”: kisa cha ukuta wa kwanza wa binti aliyeamini rula

Aliyeliona kosa kwanza ni kijana wa toroli. Alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua miwa iliyomenywa, akainua macho kuangalia ukuta tuliokuwa tunauandika, akasoma kwa sauti: “Saruj moja.” Akamgeukia muuza miwa: “Saruj moja ndiyo nini?”

Ukuta ulikuwa umeandikwa SARUJI. Herufi zote sita zilikuwepo, kila moja mahali ilipopangiwa, na ningekuja na futi kuzipima nisingekuta hata nusu sentimita iliyopotea. Lakini ile I ya mwisho ilikuwa imesimama peke yake, mbali na wenzake, na macho ya mtu anayepita yaliisoma kama namba 1.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi mbele ya wanaojifunza kwangu kuandika vibao na kuta, kwa hiyo nakiandika chote.

Duka lenyewe ni la jumla la vifaa vya ujenzi, Kihonda, Morogoro, kando ya barabara ya kwenda Dodoma. Mwenye duka alitaka ukuta wake wa mbele useme maneno matatu makubwa, SARUJI, MABATI, RANGI, chini yake picha ya mfuko wa saruji na koleo, halafu namba ya simu. Ukuta una urefu wa mita 12, na kimo cha mita 3 na nusu kutoka kwenye ukanda wa msingi hadi fishabodi, yaani ule ubao unaoziba ncha za kenchi chini ya bati. Rangi ya chini tulikubaliana iwe njano, herufi buluu iliyoiva, zote rangi ya maji. Ilikuwa Juni, masika yameisha na plasta imekauka vizuri.

Binti niliyempa kazi hiyo alikuwa na miaka 20, na alikuwa ameshajifunza mwaka mmoja kwenye banda langu. Alikuwa ameshaandika vibao vya saluni, vya mama lishe, vya fundi simu, vingi vikiwa vya bati la sentimita 120 kwa 60. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya vijana wengine wote niliowahi kuwa nao, na sababu ilikuwa moja: hakukisia. Alipiga mistari, akagawa nafasi, akapima mara mbili. Nikamwambia ukuta huu ni wako, uchore mwenyewe.

Alichora ramani yake kwenye karatasi kwa kipimo cha 1 kwa 50. Sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za ukuta, kwa hiyo ukuta mzima ukaingia kwenye sentimita 24 kwa 7. Akaigawa karatasi kwa miraba ya sentimita 1, akapata 24 kwa mlalo na 7 kwa wima. Ukutani angepiga miraba ileile, kila mmoja nusu mita. Hesabu yake ya herufi ilikuwa hivi: maneno matatu yana herufi 17, kila herufi ipewe upana wa sentimita 50 na kimo cha mita 1. Mwanya kati ya herufi na herufi sentimita 10, kati ya neno na neno sentimita 60, na pembeni kila upande zibaki 45. Jumlisha upate 1,200 kamili. Nakumbuka alivyofurahi ile hesabu ilipofunga bila salio.

Niliitazama ile karatasi nikaipitisha. Hilo ni kosa langu na nalisema wazi, kwa sababu kila kitu kilichoharibika ukutani kilikuwa tayari kipo pale, kwenye herufi za kimo cha sentimita 2. Niliangalia mpangilio, nikaona maneno yameenea, nikasema endelea. Siku ya kuandika nilikuwa msibani Mzumbe, nikafika saa 10 jioni neno la kwanza likiwa limeshapakwa na mawili yaliyobaki yamechorwa kwa mkaa.

Nilipomwambia alichosema yule kijana, hakubisha kwa maneno mengi. Alishuka kwenye jukwaa, akachukua futi, akapima I mbele yangu. “Fundi, kisanduku chake ni 50, mwanya ni 10. Kama J, kama U.” Alikuwa anasema kweli. Nikamwambia, “Mwanangu, weka futi chini, tuvuke barabara.”

Tukavuka. Pale kwa muuza miwa ni kama mita 20 kutoka ukutani, na huko ndiko wasomaji wa tangazo wanakopita. Nilimwambia afinye macho mpaka rangi zianze kuchanganyikana, aniambie anaona mafungu mangapi. Akanyamaza kidogo. “Mawili,” akasema. “SARUJ, halafu kitu kingine.” Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelitaja: “Na S imekuwa fupi.”

Ukiandika kibao cha sentimita 60 unakishika kwa mkono, na macho yako yanakiona chote kwa pamoja. Binti alipokuwa anaandika vibao vya saluni, rula ilimpa mistari, lakini mkono wake ulikuwa unarekebisha bila yeye kujua. I aliisogeza kidogo kwa sababu aliiona iko mbali. S aliipa tumbo kidogo kwa sababu aliiona imenyauka. Ukutani hakuna kuona huko. Umesimama juu ya mirunda, pua yako iko nusu mita kutoka kwenye herufi ya mita 1, na unachokiona ni kipande cha buluu na ukingo wake. Jicho limenyimwa kazi, rula ikabaki shahidi peke yake. Ndiyo maana waandishi wengi hukwama kwenye ukuta wa kwanza hata kama vibao vyao vilikuwa vizuri. Mkono ni uleule, kilichobadilika ni mahali macho yaliposimama.

Sasa tuiangalie ile I. Unene wa mguu wa herufi aliupanga sentimita 14. I ni mguu mmoja tu, basi. Ukiiweka katikati ya kisanduku cha 50, kila upande zinabaki sentimita 18 tupu, halafu ongeza mwanya wa 10. J ina mguu wake upande wa kulia kabisa, kwa hiyo kati ya mguu wa J na mguu wa I kulikuwa na sentimita 28 za njano, mara mbili ya unene wa herufi yenyewe. Hapo neno linakatika.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ulikuwa M ya MABATI, ambayo kwa bahati ilikuwa bado ni mkaa. M ina miguu miwili na mikono miwili inayoshuka katikati. Katika sentimita 50, miguu peke yake inakula 28. Zinabaki 22, na ndani ya hizo 22 unatakiwa upitishe mikono miwili yenye unene wa 14 kila mmoja. Haiwezekani. Angeipaka vile ilivyo, kutoka barabarani ingeonekana doa la buluu lenye vitobo vidogo. Kisanduku kimoja kilikuwa kinaidhulumu M na kuimwagia I nafasi isiyoihitaji.

Halafu kuna mianya. Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu zaidi, tumekaa kwenye mifuko ya saruji na karatasi magotini. Jicho halipimi umbali kati ya ncha ya herufi na ncha ya inayofuata. Linapima eneo lote tupu lililo katikati yao, kana kwamba unamimina mchele kati ya herufi mbili mpaka ujae: herufi zinazokaa vizuri ni zile zinazobeba mchele karibu sawa kila mwanya. Nilimwambia ahesabu mianya miwili ya kwenye mchoro wake. Kati ya N na G ya RANGI, mguu wa N umenyooka na mgongo wa G umejaa, kwa hiyo ni sentimita 10 kwa 100, yaani sentimita mraba 1,000, ongeza kidogo kwenye kona za G, tuseme 1,200. Kati ya T na I ya MABATI mambo ni mengine. Chini ya mkono wa T kuna sentimita 18 kwa 86 tupu, halafu mwanya wa 10 kwa 100, halafu zile 18 za pembeni mwa I kwa 100. Alijumlisha mwenyewe akapata zaidi ya 4,300. Mianya miwili ambayo futi ilisema ni sawasawa, mmoja ulikuwa unabeba mchele zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Alikaa akiitazama ile namba. Nadhani hapo ndipo alipokubali kwa moyo, kwa sababu hesabu aliyoiamini ndiyo iliyomwonyesha.

Kuhusu S kuwa fupi: haikuwa fupi, ilikuwa na mita 1 kamili kama A na R. Lakini herufi ya mviringo inagusa mstari kwa sehemu ndogo tu ya tumbo lake, wakati herufi yenye miguu inaukanyaga kwa upana wote. Zikiwa na kimo sawa, ya mviringo itaonekana imerudi ndani. Kwa hiyo S na G huzidishwa juu na chini, U na J huzidishwa chini peke yake, na ncha ya A ikiwa kali huchomoza juu. Kwa herufi ya mita 1, sentimita moja na nusu hadi 2 zinatosha. Ukizidisha sana herufi inaanza kuonekana imevimba. Kwa karibu utaona kama mchoraji ameteleza nje ya mstari. Ukivuka barabara, zimekaa.

Nilipokuwa ng'ambo nilikuwa nimeona jambo jingine, nikalinyamazia mpaka ya herufi yaishe. Mstari wa juu wa maneno ulikuwa unaiacha fishabodi. Upande wa kushoto nafasi ilikuwa sentimita 40, na ule mstari wa mkaa ulivyokwenda kulia nafasi ikawa inapanuka kama mdomo. Tukapima mwisho wa kulia tukakuta 49.

Nikamuuliza alianzia wapi kupiga miraba. Akasema kwenye ukanda wa msingi: alipima juu yake kila upande, akatia alama, akavuta uzi wa chaki, akaupiga. Kila mstari uliofuata ulipimwa kutoka kwenye ule wa kwanza. Kwa maneno mengine aliamini kwamba ukanda wa msingi umelala sawa. Haukuwa umelala sawa. Barabara pale inateremka kidogo, na aliyejenga alifuata ardhi.

Tulileta mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi hutumia. Unaujaza maji, unahakikisha hakuna povu la hewa katikati, kwa sababu povu moja tu litakudanganya, halafu mmoja anashika ncha kushoto na mwingine kulia. Maji yakitulia, usawa wake ni uleule pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna kona au mlango. Fishabodi haikutofautiana na maji hata kwa sentimita 1 katika mita zote 12. Ukanda wa msingi ulishuka sentimita 9. Miraba yote ya binti ilikuwa imelala pamoja na barabara, na haikuwa na namna ya kumwambia, kwa sababu ndani yake yenyewe kila kitu kilikuwa sawa: pembe zilikuwa mraba, nusu mita zilikuwa nusu mita. Miraba inajua umbali kati ya mistari yake. Haijui ukuta umesimamaje.

Kanuni ninayoitumia hapa si kufuata maji kila mara. Maandishi hufuata mstari mrefu ulio karibu nayo zaidi, kwa sababu huo ndio jicho litalinganisha. Pale Kihonda bahati ilikuwa upande wetu: mstari wa karibu ulikuwa fishabodi, na yenyewe ilikuwa sawa na maji. Nimeshawahi kukuta bati lenyewe limelegea sentimita 10 na zaidi, na hapo ukiandika kwa maji, maandishi yaliyo sawa ndiyo yataonekana yamepinda. Kwenye ukuta wa namna hiyo nagawana: naipa herufi nusu ya mteremko, au nausogeza mstari mbali na bati mpaka jicho lishindwe kulinganisha. Zile sentimita 9 za Kihonda tulizimezesha kwenye mkanda wa buluu wa chini, uliopangwa kuwa na kimo cha 60. Kushoto tuliuacha na 60, kulia ukawa 69. Ukingo wake wa juu ulifuata maji, wa chini ukafuata msingi, na kwa rangi iliyoiva hivyo, karibu na ardhi, hakuna anayeona.

Kesho yake tulirudi kurekebisha. Kuziba buluu kwa njano ni kazi mbaya, kwa sababu njano haifuniki vizuri. Ukiipaka moja kwa moja unapata kijani kichafu hata mara ya tatu. Tulipiga msasa kingo za herufi ili zisibaki kama makovu chini ya rangi mpya, tukapaka nyeupe mkono mmoja, ikakauka, halafu njano mikono miwili. Na hatukuziba herufi tu. Rangi mpya kando ya ile ya juzi huonekana kama kiraka jua la jioni likiupiga ukuta, kwa hiyo tulipaka kipande chote kutoka kona ya kushoto hadi kwenye bomba la maji ya mvua linaloshuka ukutani, ambako macho hupata mahali pa kukata. Ilitugharimu nusu siku na galoni moja ya njano. Mkaa wa maneno mawili yaliyobaki aliupangusa kwa tambara kavu kwanza. Ukiacha mkaa mwingi, njano inachafuka.

Upana mpya wa herufi aliupanga yeye. Hakuandika namba kwanza. Alikata herufi kwenye maboksi ya vigae, kimo cha sentimita 10, akazipanga kwenye ubao, akaegemeza ubao ukutani na kurudi nyuma hatua kadhaa, akasogeza, akarudi tena. Alipotosheka ndipo akachukua rula na kupima alichokiona. Ukizidisha mara 10, I ikawa na sentimita 14 zake tu, J 38, S 48, A 58, M 68. Herufi zote 17 pamoja zilikula sentimita 792 badala ya 850, na kilichookolewa kikaenda kwenye mianya inayokihitaji. Kati ya J na I, miguu miwili iliyonyooka ikitazamana, aliacha 20. Kati ya A na T aliacha chini ya sufuri: mkono wa T ulipita juu ya mguu wa A kwa sentimita 4. Alinionyesha hiyo kwa wasiwasi. “Fundi, hizi zimepandana.” Nikamwambia arudi nyuma tena aangalie. Aliiacha ilivyo.

Sitaki mtu asome hapa akadhani namwambia atupe miraba. Ile picha ya mfuko wa saruji na koleo aliihamisha kutoka kwenye karatasi mraba kwa mraba, akiweka alama pale kila mstari wa mchoro unapokatiza mstari wa mraba, na ilitoka vizuri kuliko ambavyo mimi ningeichora kwa jicho. Mpini wa koleo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 ulikuja umenyooka na mwembamba kama kwenye karatasi. Kazi hiyo miraba inaiweza tangu zamani sana. Wamisri wa kale walipiga mistari ya rangi nyekundu kwenye kuta za makaburi yao, na mtu aliyesimama walimpa miraba 18 kutoka nyayo hadi kwenye paji la uso panapoanza nywele. Picha huwa imeshaamuliwa kwenye karatasi, na miraba huibeba tu hadi ukutani. Herufi zake za kwanza hazikuwa zimeamuliwa na jicho la mtu yeyote. Miraba ilibebeshwa kazi ya kuamua, na rula haina jicho.

Tangu siku hiyo, kwa kila ukuta, hapaki kabla hajavuka barabara mara mbili: mara ya kwanza mistari mitupu ikiwa imepigwa, mara ya pili maneno yakiwa ya mkaa. Mara ya pili anapiga picha kwa simu na kuigeuza juu chini. Neno likiwa juu chini hulisomi, unaona vipande vya rangi na matundu, na tundu lililo kubwa kuliko mengine linajitokeza lenyewe.

Kwenye ule ukuta wa Kihonda kuna jambo moja lilibaki. Alipoizidisha S, U na J, G ya RANGI aliisahau, ikapakwa na kimo cha mita 1 kamili kama N iliyo kando yake. Mwenye duka hajaiona, na mimi niliiona siku ya tatu, tumeshashusha mirunda. Binti ameshaniomba mara mbili turudi na ngazi tumwongezee G sentimita zake 2 juu na chini. Nimemwambia tutafanya hivyo siku duka litakapopakwa upya, na kila tukipita pale kwenye daladala anageuza uso upande wa kulia kabla hatujafika kwa muuza miwa.